Ujumbe wa duka umfikie anayehusika



Mwezi Agosti mwaka 2025 mama mmoja mwenye duka Magomeni, jijini Dar es Salaam, alinipigia simu baada ya swala ya Isha. Sauti yake ilikuwa nzito. Duka lake si kubwa. Upande mmoja kuna nguo za watoto wachanga, upande wa pili sare za shule, nyuma kuna vitambaa na kanzu za sikukuu, na karibu na mlango ipo meza ya udi na manukato. Asubuhi ya siku ile alikuwa ametuma ujumbe mfupi wa simu kwa wateja wake wote, namba 620 alizozikusanya kwa miaka mitatu. Ujumbe ulianza hivi: "Mwanao anakua! Nguo za miezi mitatu hadi sita zimewasili."

Wengi hawakujibu. Mzee mmoja ambaye hununua udi tu alipiga simu kuuliza kwa utani ni mtoto gani huyo aliyezaliwa kwake bila yeye kupewa habari, na wakacheka. Jioni ikaingia barua fupi katika simu ya duka: "Assalaam alaykum mama. Mwanangu alikaa siku tisa tu. Naomba namba yangu itolewe."

"Mwanangu," mama yule akaniambia, "ningejuaje?"

Swali hilo lilinipeleka dukani kwake siku ya pili, tukafungua daftari la mauzo pamoja. Nayaeleza hapa tuliyoyaona, kwa kuwa wengi wetu sasa tuna biashara ndogo na orodha ya namba katika simu, na karibu sote tunaituma orodha hiyo nzima kila bidhaa mpya inapofika.

Jambo la kwanza lilikuwa jepesi kulitambua. Daftari lilionyesha kwamba tangu mwezi Mei ni wateja 46 tu walionunua vitu vya mtoto mchanga. Hao ndio ambao tangazo lile lingeweza kuwahusu. Wengine 574 walisumbuliwa bure, na kwa gharama. Ujumbe wenyewe, pamoja na maelekezo ya duka, ulikuwa na herufi 178. Ujumbe mmoja wa simu hubeba herufi 160, na ukizidi hapo hukatwa vipande na kila kipande hulipiwa peke yake. Mama alikuwa akilipa shilingi 25 kwa kipande. Vipande viwili kwa watu 620 ni shilingi 31,000. Kwa watu 46, tena kwa ujumbe uliofupishwa ukaenea katika kipande kimoja, ingekuwa shilingi 1,150.

Mama akapumua. "Basi dawa ni hiyo," akasema. "Nitawatumia walionunua vya mtoto tu."

Nikamwomba tusome yale majina 46 moja moja. Tulipofika tarehe 6 Mei tulimkuta yule yule mama aliyeandika jioni ile. Alinunua fulana ndogo sita, kofia mbili na shuka. Kama orodha ingegawanywa kwa kigezo hicho peke yake, watu 574 wangesalimika na yeye asingesalimika. Angekuwa miongoni mwa waliochaguliwa.

Hapa ndipo penye kiini cha makala hii. Kumbukumbu ya manunuzi inaeleza nini kilitoka dukani, siku gani, na namba ipi iliandikwa. Haielezi kilichotokea nyumbani baada ya hapo, wala haielezi kitu kilinunuliwa kwa ajili ya nani. Kati ya wale 46, mama aliwatambua kwa sura wanawake saba waliokuwa wakinunua zawadi za kupeleka kwa mzazi, na wao wenyewe hawana mtoto mchanga. Kugawa orodha vizuri ni kujua manunuzi fulani yanathibitisha nini, yanathibitisha kwa muda gani, na yanakoma wapi.

Tuanze na daftari. Kwa kazi hii hahitajiki mtaalamu wala programu ya gharama. Jedwali la kawaida la kompyuta au la simu, kama Excel, linatosha. Tulifungua kurasa mbili. Ya kwanza tuliipa jina MAUZO, na kila mstari wake ni manunuzi ya siku moja: safu A tarehe, safu B namba ya simu, safu C aina ya bidhaa. Ya pili ni WATEJA, ambamo kila namba huonekana mara moja tu.

Katika aina ya bidhaa tuliweka maneno manne na hatukuongeza: MTOTO, SARE, SIKUKUU, UDI. Mama alitaka kuandika kila kitu kwa jina lake, soksi, sweta, ubani, mkanda. Nilimzuia, kwa sababu aina ikiwa finyu mno hupati kundi la watu wa kutosha kutumiwa ujumbe, na mwandishi wa daftari huchoka akaanza kuandika "sweta" leo na "masweta" kesho. Kwa kompyuta hayo ni maneno mawili tofauti, na nusu ya wateja hupotea bila mtu kugundua.

Namba za simu ndizo zilizotuchukua muda mrefu zaidi. Mteja mmoja aliandikwa mara tatu: mara namba yake inaanza na 07, mara inaanza na +255, mara ina nafasi katikati ya tarakimu. Tulizigeuza zote ziwe za namna moja, zikianza na 255 bila alama ya kujumlisha, jumla tarakimu 12. Hapo orodha ya 620 ikashuka ikawa watu 548. Maana yake ni kwamba kwa miaka mitatu watu kadhaa walikuwa wakipata tangazo lile lile mara mbili au tatu kwa siku moja.

Katika kazi hii kuna mtego ambao kila anayeanza huuangukia. Ukiandika 0712 katika jedwali, kompyuta huiona kuwa hesabu na kuiondoa sifuri ya mbele. Ukiandika tarakimu 12 huweza kuzifupisha zikaonekana mfano wa 2.55712E+11, na ukilihifadhi faili hivyo kwa ajili ya kampuni ya kutuma jumbe, tarakimu za mwisho zimeshapotea. Kinga yake ni kuiteua safu yote ya namba iwe ya maandishi kabla ya kuandika namba ya kwanza. Dalili ya kosa ni hiyo herufi E katikati ya tarakimu. Ukiiona, usitume kitu.

Tarehe nazo zina mtego wake. Tarehe ambayo jedwali limeielewa hukaa upande wa kulia wa kisanduku, na iliyochukuliwa kuwa maneno matupu hukaa kushoto. Aidha, simu nyingine husoma mwezi kabla ya siku, hivyo 3/11 ya Novemba hugeuka kuwa tarehe 11 Machi. Sisi tulichagua wateja watano ambao mama anakumbuka vizuri walikuja lini, tukawalinganisha na jedwali. Wawili walikuwa wamehamishwa miezi. Tulisahihisha mpangilio wa tarehe, kisha tukaendelea.

Sasa tuje kwenye muda. Kila aina ya bidhaa ina mwendo wake wa kuhitajika tena, na mwenye duka anaujua kuliko mtu mwingine. Udi wa nyumbani huisha baada ya mwezi mmoja au miwili, basi aliyenunua wiki iliyopita hana haja ya tangazo leo. Sare za shule hununuliwa mwishoni mwa mwaka na mwezi Januari, shule zinapofunguliwa, na mtoto huyo huyo aghalabu huhitaji nyingine mwaka unaofuata kwa kuwa amekua. Kwa sare, basi, manunuzi ya msimu uliopita yanasema jambo la kweli kuhusu msimu huu.

Nguo za sikukuu ndizo zilizomchanganya mama. Alidhani atafute walionunua "mwezi kama huu mwaka jana". Lakini Idi hufuata mwezi mwandamo, na kila mwaka husogea nyuma siku kumi au kumi na moja hivi katika kalenda ya kawaida. Idi el-Fitri ya mwaka 2024 iliangukia wiki ya pili ya Aprili, na ya mwaka 2025 mwishoni mwa Machi. Mwenye duka akichuja kwa jina la mwezi, baada ya miaka mitatu atakuwa akiwatafuta wanunuzi wa Idi katika majuma ambayo Idi haikuwamo. Kwa SIKUKUU tuliamua kuhesabu majuma manne kabla ya kila Idi, tarehe zikiandikwa upya kila mwaka.

Mwezi Desemba ulipokaribia tulijaribu kazi nzima kwa kundi moja, wanunuzi wa sare. Katika ukurasa wa WATEJA safu A ni namba. Safu B ni ruhusa: je, mteja huyu alikubali kutumiwa matangazo? Safu C ni ya walioomba wasitumiwe tena. Safu D inahesabu mara ngapi alinunua sare katika msimu uliopita, na safu E inahesabu kama ameshanunua msimu huu. Fomula zake, kwa anayetaka kuzijaribu, ni hizi, moja ya D2 na nyingine ya E2:

```
=COUNTIFS(MAUZO!$B:$B,$A2,MAUZO!$C:$C,"SARE",MAUZO!$A:$A,">="&DATE(2024,11,1),MAUZO!$A:$A,"<="&DATE(2025,1,31))
=COUNTIFS(MAUZO!$B:$B,$A2,MAUZO!$C:$C,"SARE",MAUZO!$A:$A,">="&DATE(2025,11,1))
```

Ya kwanza inaliambia jedwali: katika ukurasa wa MAUZO hesabu mistari yenye namba hii, aina ikiwa SARE, kuanzia tarehe 1 Novemba 2024 hadi 31 Januari 2025. Ya pili inafanya hivyo hivyo kuanzia tarehe 1 Novemba 2025. Kisha safu F inatoa uamuzi:

```
=IF(AND(B2="NDIYO",C2="",D2>0,E2=0),"TUMA","ACHA")
```

Yaani atumiwe yule aliyeruhusu, asiyeomba kutolewa, aliyenunua sare msimu uliopita, na ambaye bado hajanunua msimu huu. Akikosa sharti moja, aachwe.

Sharti la mwisho wengi hulisahau. Mteja aliyetoka dukani jana na sare mkononi, akipata leo ujumbe wa kumhimiza aje kununua sare, huona kwamba duka halimjui. Na ujumbe ukiwa na punguzo la bei, hughadhibika kwa haki, kwa kuwa yeye amelipa bei kamili.

Hesabu ilikwenda hivi. Walionunua sare msimu uliopita walikuwa 131. Kati yao 40 hatukuwa na ruhusa yao. Watatu walikuwa wameomba wasitumiwe. Kumi na wanane walikuwa wameshanunua tangu Novemba. Wakabaki 70.

Mama alishtuka kuwaacha wale 40. "Hawa ni wateja wangu, nami namba zao ninazo." Nikamuuliza alizipataje. Akasema wengine walilipa kwa simu, na namba ikabaki katika ujumbe wa malipo. Wengine waliacha namba ili wapigiwe kanzu ya fundi ikiwa tayari. Mtu aliyetoa namba ili alipe au apigiwe kuhusu kanzu hakuitoa ili atangaziwe biashara. Huo ni uungwana, na katika nchi yetu ni sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa ya mtu itumike kwa lengo lililokusudiwa ilipokusanywa. Wenzetu wa Kenya wana sheria yao ya namna hiyo tangu mwaka 2019. Wale 40 hawakupotea. Kila mmoja anapofika dukani huulizwa kwa adabu kama angependa kujulishwa bidhaa zinapofika, na jibu lake huandikwa mbele yake.

Ujumbe wenyewe tuliuandika pamoja, na mama akaupenda zaidi kuliko ule wa kwanza:

```
Assalaam alaykum. Sare za shule zimefika: sketi, shati, sweta na hijabu. Duka liko wazi hadi saa 2 usiku. Usipotaka jumbe, andika TOA kwa 07XXXXXXXX.
```

Mahali pa hizo X ni namba ya duka. Herufi zake, nafasi zikiwamo, ni 149, hivyo ni kipande kimoja. Tulijizuia kutia picha za nyuso zinazocheka na alama za kunukuu zilizopinda, kwa sababu alama moja tu ya namna hiyo hubadili ujumbe wote ukawa wa kubeba herufi 70, na ghafla unalipia vipande vitatu. Namba ya duka nayo ina sababu ya kuwamo. Jumbe hizi hutoka kwa jina la duka, lisilozidi herufi 11, na ujumbe uliotoka kwa jina badala ya namba haujibiki. Ukimwambia mteja "jibu TOA" bila kumpa namba, umemwonyesha mlango uliofungwa.

Msomaji atazame pia kile ambacho ujumbe hausemi. Hausemi "ulinunua kwetu sare tarehe fulani", wala "mwanao sasa yuko darasa la tatu". Kumbukumbu ya manunuzi ilitumika kuchagua nani atumiwe, ikabaki dukani. Simu katika nyumba zetu hushikwa na wengi. Mtoto huichukua kucheza, mume humsomea mke, na laini iliyoachwa muda mrefu kampuni huweza kumpa mtu mwingine kabisa. Mtu anayenunua manukato ya zawadi hatapenda skrini itangaze alichonunua kabla hajaitoa. Ujumbe unaoweza kusomwa na yeyote katika nyumba hiyo bila kumfichua mtu ndio unaofaa kutumwa.

Kabla ya kutuma nilimwomba mama jambo ambalo alilipinga kwanza: katika wale 70, tusiwatumie wote. Tuliwaacha wale ambao namba zao zinaishia na 3 au 7, wakawa 15. Wakatumiwa 55, kwa shilingi 1,375. Majuma mawili baadaye, kati ya waliotumiwa walikuwa wamekuja 16. Mama akafurahi akasema ujumbe umeleta watu 16. Nikamwonyesha wale 15 ambao hawakupata kitu: watatu nao walikuja wenyewe. Watatu katika 15 ni mmoja katika kila watano. Kwa kipimo hicho, katika wale 55 wapatao 11 wangekuja hata bila ujumbe. Basi ujumbe ulileta kama watu watano hivi, wala si 16.

Hesabu ya watu wachache kiasi hiki haina uthabiti mkubwa. Mtu mmoja zaidi au pungufu katika wale 15 hubadili picha. Ndiyo maana mama ameamua kuirudia kila msimu na kujumlisha. Hata hivyo, anayehesabu kila aliyekuja kuwa ameletwa na ujumbe atazidi kutuma jumbe ambazo hazikufanya kazi aliyodhani. Faida ya sare tano iliizidi shilingi 1,375 kwa mbali, na hakuna aliyeandika TOA.

Nimeliacha kundi la MTOTO hadi mwisho kwa makusudi. Sare zilikubali kanuni ya tarehe, kwa sababu makosa yake ni mepesi. Mtoto akiwa amehama shule, au amemaliza darasa la mwisho na sasa anahitaji sare nyingine, mzazi hupuuza ujumbe na mambo huishia hapo. Kwa nguo za mchanga kosa huumiza. Jedwali linaweza kuhesabu kwa urahisi kwamba aliyenunua Mei atakuwa na mtoto wa miezi mitatu Agosti, na hesabu hiyo itakuwa sahihi kwa nyumba nyingi. Lakini duka halina njia ya kujua ni ipi ambayo si sahihi, na mwenye nyumba hiyo ndiye atakayeumia zaidi kuliko wote.

Kwa hiyo tulikubaliana kwamba katika aina ya MTOTO tarehe ya kununua isimchague mtu kamwe. Mteja anapolipa huulizwa swali moja: "Ungependa tukujulishe saizi kubwa zikifika?" Asiyesema ndiyo, hatumiwi. Anayesema ndiyo huandikwa katika orodha ya peke yake, na ruhusa hiyo hukoma baada ya ujumbe mmoja, isipokuwa akija tena akaithibitisha. Orodha hii ni fupi. Hadi Desemba ilikuwa na majina 11. Wanawake wanaonunua zawadi hujiondoa wenyewe katika swali lile lile, kwa kuwa husema tu, "Hapana, ni ya mpwa wangu."

Kuna maduka makubwa yaliyofikia fikra kama hii kwa njia nyingine. Mwaka 2019 kampuni ya kuuza maua ya Uingereza, Bloom & Wild, iliwaandikia wateja wake kabla ya Siku ya Mama ikawauliza kama wangependa kutopata matangazo ya siku hiyo, kwa kuwa kwa baadhi ya watu ni siku ya majonzi. Aliyejitoa aliendelea kupata matangazo mengine ya maua. Nasi katika jedwali letu tulitenganisha vivyo hivyo: mtu anaweza kukataa MTOTO na akabaki katika SIKUKUU.

Limebaki jambo moja dogo la jedwali. Mama alitaka kuufuta kabisa mstari wa yule aliyeandika jioni ile ya Agosti, kwa kuona haya. Nikamwambia asifute. Namba iliyofutwa hurudi: siku daftari la zamani litakaponakiliwa upya, au msaidizi mpya atakapokusanya namba kutoka kwenye simu, itaingia tena kama mteja mpya na ujumbe utamfikia kwa mara ya pili. Namba ya aliyeomba kuachwa hubaki, na mbele yake huandikwa neno moja la kumkinga. Tulichofuta ni yale yaliyokuwa katika ukurasa wa MAUZO: fulana sita, kofia mbili, shuka.

Mama alimpigia simu siku ile ile, hakuandika ujumbe. Walizungumza muda mfupi. Sikuuliza walisema nini. Katika jedwali mstari wake una namba tu, na katika safu C neno ASITUMIWE.

Tukutane juma lijalo.